Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha na Kamati ya Bunge ya Bajeti kuhusu kodi ya mwaka ya utajiri halisi

Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Mheshimiwa Mwenyekiti na Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Bunge ya Bajeti,

Nawasalimu kwa heshima. Ninaandika nikiwa mthamini wa ardhi na majengo, kazi ambayo imenipitisha kwenye maghala, fremu za biashara, nyumba za kuishi na viwanja vilivyokaa miaka bila jiwe juu yake. Kwa kuwa hoja ya kuwatoza matajiri kodi ya kila mwaka kwa kile wanachomiliki inazidi kusikika, hapa nyumbani na katika vikao vya kimataifa, nimeona ni wajibu wangu kusema jambo ambalo watu wa fani yangu wanaliona mapema kuliko wengine: mjadala wetu unaanza na asilimia ngapi zitozwe, ilhali atakayelipa na atakayepona wataamuliwa na namna mali itakavyothaminiwa.

Mwezi Julai 2024 mawaziri wa fedha wa kundi la G20, ambalo Umoja wa Afrika ni mwanachama wake tangu 2023, walikubaliana mjini Rio de Janeiro kushirikiana ili watu wenye utajiri mkubwa kupindukia watozwe kodi ipasavyo. Mezani palikuwa na pendekezo la mchumi Gabriel Zucman la kuhakikisha kwamba kila mwenye zaidi ya dola bilioni 1 analipa kwa mwaka angalau asilimia 2 ya utajiri wake. Pendekezo hilo linawahusu watu wachache sana duniani, na sheria tutakayoitunga sisi itawahusu watu wa aina nyingine kabisa: mwenye ghorofa Kariakoo, mwenye kampuni ya mabasi ya mikoani, mwenye ekari Kigamboni zilizopandishwa bei na barabara. Barua hii inawahusu hao.

Kodi ninayoizungumzia hutozwa kila mwaka juu ya thamani ya mali zote za mtu, yaani ardhi, majengo, hisa, hatifungani, akiba benki na kadhalika, baada ya kutoa madeni yake yote. Haiangalii mtu ameingiza kiasi gani mwaka huo. Inaangalia alichonacho siku fulani, kwa kawaida tarehe 31 Desemba.

Hoja ya kuiunga mkono ni nzito, na sitaki kuipunguza. Mfanyakazi ambaye mshahara wake unavuka shilingi milioni 1 kwa mwezi hukatwa asilimia 30 ya kila shilingi inayozidi hapo, na hukatwa kabla fedha haijamfikia mkononi. Mtu aliyenunua viwanja kwa shilingi milioni 200 ambavyo leo vina thamani ya bilioni 2 hajalipa chochote juu ya ongezeko hilo la bilioni 1.8, kwa sababu sheria yetu hulitambua ongezeko pale tu mali inapouzwa. Wala hana sababu ya kuuza. Anaweza kupeleka hati benki, akachukua mkopo, akaishi na kufanya biashara kwa fedha hizo, kisha akawaachia watoto wake viwanja katika nchi isiyo na kodi ya mirathi. Kwa njia hiyo mali inaweza kukua vizazi viwili bila ongezeko lake kukutana na kodi ya mapato hata mara moja, na wakati huo huo barabara, maji na umeme vilivyolipandisha bei eneo lile vimelipiwa na kodi za wengine. Anayetetea kodi ya utajiri anasema kwamba uwezo wa mtu kuchangia huonekana pia katika alichonacho. Katika hilo nakubaliana naye kabisa.

Hoja ya kuipinga nayo ina uzito, ingawa wapingaji hupenda kuanza na ile iliyo dhaifu, kwamba matajiri watakimbia. Wapo wanaokimbia kweli. Norwe ilipoongeza kodi hii mwaka 2022, wamiliki kadhaa wakubwa walihamia Uswisi, akiwemo bilionea Kjell Inge Røkke, na ni vyema kukumbuka kwamba Uswisi yenyewe inatoza kodi ya utajiri katika majimbo yake yote, hivyo watu hao hawakukimbilia nchi isiyoitoza. Lakini ghorofa la Kariakoo halipandi ndege, na kwa matajiri wetu wengi sehemu kubwa ya mali ni ardhi na majengo. Hoja iliyo nzito zaidi ni ya mapato. Kodi ya asilimia 1 ya thamani inaonekana ndogo, lakini mwenye hatifungani inayompa asilimia 12 kwa mwaka atatoa sehemu moja kati ya kumi na mbili ya kipato chake, na mwenye jengo linalompa asilimia 4 atatoa robo ya kipato chake, juu ya kodi nyingine anazolipa tayari. Mwenye ardhi isiyoingiza kitu atalazimika kuilipia kutoka mfuko mwingine, na asipokuwa nao atauza kipande. Wapo watakaosema kwamba hilo ndilo lengo, ardhi iliyolala iamshwe. Kwa mlanguzi wa viwanja ninakubali. Kwa mjane aliyeachiwa shamba ambalo mji umelifuata, ninasita, na sheria haina budi kuwatofautisha hawa wawili kwa namna ambayo afisa wa kodi anaweza kuitumia bila kubahatisha.

Sasa niingie katika uthamini wenyewe, na nianze na mali nyepesi. Akiba ya benki ina salio. Hatifungani ya serikali ina rekodi Benki Kuu. Hisa za kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa Dar es Salaam zina bei ya kufungia siku, na hata kama baadhi ya hisa hizo huuzwa kwa nadra kiasi kwamba bei ya siku moja haisemi mengi, wastani wa miezi kadhaa unatosha. Mali hizi zikitozwa, hakuna wa kubishana naye, na hapo ndipo hatari ilipo: zile rahisi kuzipima zitatozwa kwa thamani yake yote, na zile ngumu zitatozwa kwa thamani ya kubahatisha au ya kujadiliana.

Chukulieni jengo moja la Kariakoo, la mfano, lakini lenye kila kitu ninachokutana nacho huko. Chini lina fremu 10 za maduka, na juu kuna stoo na vyumba. Kila fremu inapangishwa kwa shilingi milioni 1.5 kwa mwezi, hivyo fremu zote zinaleta milioni 180 kwa mwaka, na ghorofa za juu zinaongeza milioni 60. Jumla ni milioni 240. Tukitoa robo kwa ajili ya matengenezo, ulinzi, vipindi vya kukaa wazi na gharama nyingine, linabaki pato la milioni 180. Ili kupata thamani, mthamini hugawanya pato hilo kwa kiwango cha faida ambacho mnunuzi wa jengo la aina hiyo anatarajia kwa mwaka. Akitumia asilimia 6, jengo lina thamani ya bilioni 3. Akitumia asilimia 8, ni bilioni 2.25. Akitumia asilimia 10, ni bilioni 1.8. Wathamini watatu waaminifu, wenye leseni na uzoefu, wanaweza kusaini ripoti tatu hizo bila hata mmoja wao kusema uongo, kwa sababu kiwango hicho hutokana na mauzo ya majengo yanayofanana, na mauzo ya majengo mazima Kariakoo ni machache, na bei zinazoandikwa kwenye mikataba ya mauzo mara nyingi ziko chini ya bei zilizolipwa. Muuzaji anakwepa sehemu ya kodi ya asilimia 10 ya faida ya mauzo, na mnunuzi anapunguza ushuru wa stempu. Hivyo kumbukumbu ambazo tungezitegemea kuthaminia majengo ya wengine zimekwisha kupotoshwa na kodi nyingine.

Hapo nimechukulia kwamba tunaijua kodi ya pango. Mkataba wa fremu nilioutaja unaweza kuwa umeandikwa laki 8 kwa mwezi, kwa kuwa pango linakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 na pande zote mbili zinaona nafuu kuandika pungufu. Na kuna kilemba. Mpangaji mpya hulipa kilemba ili apate fremu iliyo mahali pazuri, wakati mwingine kwa mwenye jengo na wakati mwingine kwa mpangaji anayeondoka, na fedha hiyo, ambayo inaweza kuzidi pango la mwaka mzima, haionekani katika mkataba wowote. Kilemba kikienda kwa mwenye jengo, ni sehemu ya pato la jengo. Kikienda kwa mpangaji anayetoka, ni mali ya mpangaji, na kodi ya utajiri iliyo kamili ingepaswa kumtoza yeye. Mthamini anayetumia mikataba peke yake atakuta fremu zinaleta milioni 96 badala ya 180, jumla ya jengo milioni 156, na baada ya kutoa robo ileile, pato la milioni 117. Kwa asilimia 8 jengo linakuwa na thamani ya takriban bilioni 1.46.

Tuna jengo moja, basi, lenye thamani kati ya bilioni 1.46 na bilioni 3. Hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini, Waheshimiwa, kwa sababu kodi ya utajiri halisi inaongeza jambo ambalo kodi ya kawaida ya majengo haina, nalo ni kutoa madeni. Mwenye jengo hili ana mkopo wa benki wa bilioni 1.2. Deni linajulikana hadi senti, lakini thamani ya jengo inakisiwa, na tunapotoa kinachojulikana kutoka kwa kinachokisiwa, kosa lote linabaki kwenye kile kilichosalia. Kwa thamani ya juu, utajiri wake halisi ni bilioni 1.8. Kwa thamani ya mikataba, ni milioni 260 hivi. Thamani ya jengo ilitofautiana mara mbili, lakini utajiri unaotozwa umetofautiana karibu mara saba. Kama sheria itaweka kiwango cha kuanzia cha bilioni 1, ripoti moja inamfanya mlipakodi na nyingine inamtoa kabisa katika orodha, na kati ya ripoti hizo mbili kuna afisa mmoja, mthamini mmoja na mazungumzo ya alasiri moja. Sihitaji kuwaeleza ni vishawishi vya namna gani vinakaa katika nafasi kama hiyo.

Atakayeona amethaminiwa kupita kiasi atapinga. Chini ya sheria yetu ya usimamizi wa kodi, pingamizi huwasilishwa ndani ya siku 30, na mlipakodi hutakiwa kwanza kulipa theluthi moja ya kodi aliyokadiriwa au kiasi asichobishania, kipi ni kikubwa. Utaratibu huo uliwekwa kwa kodi ambazo mzozo wake ni wa hesabu na stakabadhi. Katika kodi ambayo kila mwaka huzaa mzozo wa maoni ya kitaalamu, Bodi ya Rufaa za Kodi itajaa ripoti za wathamini wanaopingana, na mwaka ujao mzozo uleule utarudi kwa jengo lilelile.

Kampuni isiyoorodheshwa ni ngumu kuliko jengo. Chukulieni kampuni ya familia yenye mabasi 10 ya mikoani. Kila basi lilinunuliwa kwa milioni 400 miaka mitano iliyopita. Kwa hesabu za kodi, basi kubwa huchakaa asilimia 25 ya thamani iliyobaki kila mwaka, hivyo baada ya miaka mitano linabaki na milioni 95 hivi katika vitabu. Mabasi yote ni milioni 950. Yadi ya mabasi, iliyonunuliwa zamani, imeandikwa milioni 200, na kampuni inadaiwa milioni 450. Kwa vitabu, basi, kampuni ina utajiri wa milioni 700. Lakini mabasi hayo sokoni yanaweza kupata milioni 180 kila moja, na yadi, ambayo mji umeizunguka, milioni 900. Kwa bei za sokoni, baada ya deni, ni bilioni 2.25. Na bado hatujagusa jina la kampuni, abiria wanaolipenda, na ratiba nzuri za safari, vitu ambavyo mnunuzi angevilipia lakini haviwezi kuegeshwa yadini.

Nchi zinazotoza kodi hii kwa muda mrefu zimeacha kutafuta jibu kamili na kuchagua kanuni. Norwe huchukua thamani ya vitabu vya kodi, bila kuhesabu jina la biashara, kisha huitoza kwa punguzo. Kwa punguzo lake la miaka ya karibuni la asilimia 20, kampuni yetu ingehesabiwa milioni 560. Uswisi hutumia kanuni ambayo wathamini wote wa huko wanaijua: faida ya kawaida ya kampuni hugeuzwa kuwa mtaji, thamani hiyo inahesabiwa mara mbili, thamani ya mali inahesabiwa mara moja, na jumla inagawanywa kwa tatu. Tuseme kampuni yetu hupata faida ya milioni 270 kwa mwaka, na tunaigeuza kuwa mtaji kwa kuigawanya kwa asilimia 15, kama tulivyofanya kwa pato la jengo, tunapata bilioni 1.8. Mara mbili ni bilioni 3.6, tukiongeza bilioni 2.25 tunapata bilioni 5.85, na theluthi yake ni bilioni 1.95. Kampuni ni ileile, mabasi ni yaleyale, na kodi ya asilimia 1 ni milioni 5.6 kwa kanuni moja na milioni 19.5 kwa nyingine. Ili mwenye kampuni apate milioni 19.5 za kulipa, itabidi kampuni imgawie gawio la karibu milioni 21.7, kwa kuwa gawio nalo hukatwa asilimia 10.

Binafsi naiona kanuni ya Uswisi kuwa ya haki zaidi, kwa sababu inaangalia kile kampuni inachozalisha. Lakini inadai hesabu za kuaminika, na inaadhibu mwenye kutangaza faida ya kweli kuliko anayeificha. Kanuni ya Norwe ni rahisi kukagua na inawapendelea wenye mali kuukuu iliyopanda bei. Serikali italazimika kuchagua kati ya hizo mbili, na uchaguzi huo uandikwe ndani ya sheria yenyewe, usiachiwe kanuni ndogo wala busara ya ofisi ya mkoa.

Mnaweza kuuliza kama tofauti hizi zina madhara makubwa hivyo. Ujerumani ilijibu swali hilo mahakamani. Kodi yake ya utajiri ilithamini majengo kwa viwango vya tarehe 1 Januari 1964, huku fedha na hisa zikithaminiwa kwa bei za sasa, hivyo mwenye jumba alilipa kidogo na mwenye akiba alilipa kwa ukamilifu. Tarehe 22 Juni 1995 Mahakama ya Katiba ilisema kwamba kutozana namna hiyo kunavunja usawa mbele ya sheria. Bunge lilipewa muda wa kurekebisha hadi mwisho wa 1996, halikurekebisha, na tangu 1997 kodi hiyo haitozwi, ingawa sheria yake haijafutwa. Mahakama haikuikataa kodi yenyewe. Kodi ilikufa kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kubeba gharama na lawama ya kuyathamini upya majengo ya nchi nzima.

Ufaransa ilianguka upande mwingine. Kodi yake ya utajiri iliyoanza 1989 ilisamehe mali za biashara ambazo mwenyewe anaziendesha, kwa nia njema ya kulinda ajira, na matokeo yake baadhi ya wamiliki wakubwa kabisa walipona, ilhali katika kisiwa cha Ré, ambako matajiri wa Paris walikwenda kununua nyumba za likizo, wenyeji wa kipato kidogo na wakulima wastaafu walijikuta wanadaiwa kodi ya matajiri kwa sababu tu bei ya ardhi iliwapita. Mwaka 2018 kodi hiyo ilibadilishwa ikabaki juu ya majengo na ardhi peke yake. Ninapofikiria pwani ya Kigamboni au Bagamoyo, sioni kwa nini sisi tusikutane na hali hiyohiyo.

India, ambayo hali yake inafanana na yetu kuliko hao wawili, ilitoza kodi ya utajiri tangu 1957. Kadiri misamaha ilivyoongezeka, ilibaki juu ya nyumba za ziada, magari, vito na viwanja vya mjini, na hisa hazikuguswa. Katika mwaka wa fedha 2013/14 ilikusanya rupia bilioni 10 hivi tu kwa nchi nzima. Waziri wa Fedha Arun Jaitley, akiifuta katika bajeti ya 2015, alisema inagharimu sana kukusanya na inaleta kidogo, na badala yake akaweka nyongeza ya asilimia 2 kwenye kodi ya wenye kipato cha zaidi ya rupia milioni 10 kwa mwaka. Sidhani kwamba alikosea.

Nasi tumekwisha kuonyesha tunavyouchukulia uthamini. Tangu 2021 kodi yetu ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na baada ya mabadiliko ya 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Ninaelewa sababu zake. Makusanyo ni rahisi, hayahitaji mthamini kugonga geti, na ni vigumu kukwepa. Lakini maana yake ni kwamba nyumba ya chini ya vyumba vitatu Mbagala na jumba la chini Masaki lenye bwawa na bustani yanalipa sawasawa, na anayeingiza tokeni mara nyingi ni mpangaji, ambaye kisheria kodi hiyo haimhusu. Nchi iliyoacha kutofautisha nyumba hizo mbili kwa ajili ya kodi ya elfu 18 kwa mwaka haijawa tayari kuyatofautisha majengo mawili ya Kariakoo kwa ajili ya kodi ya milioni 18.

Kwa sababu hizo, naomba msipitishe kodi ya mwaka ya utajiri halisi katika bajeti ijayo, na naomba pia msiifunge hoja hii kwenye kabati. Kuna kazi ambayo ikifanyika kwanza itakuwa na faida hata kama kodi hiyo haitakuja kamwe.

Kazi hiyo ni daftari la uthamini wa majengo ya thamani kubwa peke yake. Halihitaji kila nyumba nchini. Lianze na Kariakoo, katikati ya jiji la Dar es Salaam, Masaki na Oysterbay, kisha maeneo ya aina hiyo Arusha, Mwanza na Dodoma. Mwenye jengo ajitathmini mwenyewe na kuchagua daraja la thamani, kwa mfano kati ya bilioni 1 na 1.5, kama Ireland inavyofanya tangu 2013 katika kodi yake ya nyumba, ambako wamiliki hujiwekea daraja wakiongozwa na taarifa za mamlaka ya mapato. Daraja pana linapunguza mabishano, kwa sababu wathamini wawili wanaotofautiana kwa milioni 100 mara nyingi watakuwa ndani ya daraja lilelile. Ofisi ya Mthamini Mkuu wa Serikali tayari ina viwango elekezi vya thamani ya ardhi kwa maeneo. Vihuishwe na vichapishwe ili kila mtu aone jirani zake wanahesabiwa vipi. Ukaguzi ufanyike kwa wachache waliojiweka daraja la chini kuliko majirani wote, na uthamini urudiwe kila baada ya miaka mitano badala ya kila mwaka. Majengo yatakayoingia daftarini yaondolewe kwenye kiwango cha LUKU na yalipe kodi ya majengo kwa daraja. Nina hakika mapato ya hapo peke yake yatawashangaza wengi.

Kodi kamili ikija baadaye, madeni yanayotolewa yawe ya taasisi za fedha zenye leseni na yawe yametumika kupata mali inayotozwa, vinginevyo kila tajiri atakuwa na shemeji anayemdai mabilioni. Mwenye mali isiyoingiza fedha aruhusiwe kuahirisha malipo hadi atakapouza au kurithisha, na riba ihesabiwe, ili mjane wa shambani asiuze kipande huku mlanguzi akijua kwamba kusubiri hakumsaidii. Wamiliki wa kweli wa kampuni watambuliwe kupitia taarifa ambazo BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, inapaswa kuwa nazo tangu mabadiliko ya sheria ya 2020.

Ombi langu la mwisho linawahusu ninyi wenyewe, na ninalitoa kwa heshima zote. Kila mwisho wa mwaka viongozi wa umma hujaza Tamko la Rasilimali na Madeni na kulipeleka Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Tamko hilo lina karibu kila kitu ambacho fomu ya kodi ya utajiri ingeuliza: nyumba, viwanja, hisa, akiba, madeni. Kabla ya kumtoza raia yeyote, chukueni matamko ya mawaziri na wabunge, wathamini watatu wasiojuana wayathamini kwa kanuni ileile bila kutoza shilingi, na Kamati ya Bajeti ichapishe, bila majina, ni mara ngapi thamani tatu zilikaribiana na ni mara ngapi zilipishana, na kwa mali za aina gani. Fomu zipo, wathamini wapo, na zoezi hilo linaweza kukamilika kabla ya hotuba ya bajeti ya mwezi Juni.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mthamini wa ardhi na majengo,
Dar es Salaam